Pikipiki ya Mzee Athumani: Mtego Uliomo Kwenye Maswali ya Ufahamu

Kifungu kinachofuata kimetungwa kwa ajili ya makala haya, kwa mtindo ambao mtu yeyote aliyewahi kufanya mtihani wa Kiswahili atautambua. Kina sentensi 12. Kisome mara moja, kwa kasi ya kawaida ya chumba cha mtihani.

"Kisima cha Mbuyuni kilipokamilika, kaya zote 60 zilikubaliana kutoa shilingi 500 kila mwezi kwa ajili ya matengenezo. Mzee Athumani, fundi cherehani, akachaguliwa kuwa mweka hazina. Mwaka wa kwanza, kila mwisho wa mwezi, alibandika karatasi ya mapato na matumizi kwenye ukuta wa duka lake. Watu walisimama kuisoma, wengine wakibishana, wengine wakicheka. Mwaka wa pili karatasi ilibandikwa mara mbili tu. Mwaka wa tatu haikuonekana kabisa. Mwaka huohuo Mzee Athumani alinunua pikipiki. Siku mpini wa pampu ulipokatika, kisanduku kilifunguliwa kikakutwa na fedha zisizofika hata nauli ya fundi wa kutoka mjini. Kikao kiliitishwa jioni ileile, na kila kaya ikaleta mtu. Katikati ya makelele mama mmoja alisimama akauliza, 'Nani kati yetu alilipa mwezi uliopita?' Mikono mitatu ilinyanyuka. Siku hizi ukuta wa duka la Mzee Athumani haukosi karatasi, na wanaoiandika ni watu watatu wanaopokezana."

Sasa swali. Kutokana na kifungu hiki, inaweza kusemwa kuwa:

A. Mzee Athumani alitumia fedha za kisima kununua pikipiki.
B. Wanakijiji hawakuwa na uwezo wa kulipa mchango.
C. Kaya nyingi hazikulipa mchango wa mwezi uliotangulia kikao.
D. Miradi ya maji inayosimamiwa na wanakijiji haidumu.

Jibu A linavuta kwa nguvu. Mweka hazina yupo, hesabu zimefichika, pikipiki imenunuliwa, kisanduku kiko kitupu. Msomaji wa Afrika Mashariki amekwisha kuisikia hadithi ya aina hii mara nyingi, na mwisho wake anaujua kabla hajafika. Hata hivyo jibu sahihi ni C, na A ni kosa. Sababu yake ndiyo kiini cha maswali yanayomtaka msomaji ahitimishe jambo ambalo mwandishi hakulitamka waziwazi.

Maswali ya namna hii yamewasumbua watahiniwa wengi. Nchini Kenya, kwa mfano, mtihani wa KCPE uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023 ulikuwa na maswali 50 ya Kiswahili ya kuchagua jibu, na 20 ya mwisho, kuanzia la 31, yalitokana na vifungu viwili vya ufahamu. Baadhi yaliuliza jambo lililoandikwa wazi: nani, wapi, lini. Hayo hayakuwa na shida kubwa, kwani aliyerudi kwenye kifungu alilikuta jibu limelala palepale. Shida ilianzia kwenye maswali yaliyofunguliwa kwa maneno kama "ni dhahiri kuwa", "inaweza kusemwa kuwa", "mwandishi anadokeza kuwa" au "lengo la mwandishi ni". Hapo jibu halionekani kwa macho. Lazima lijengwe kutokana na vipande, na mtu anayejenga hushawishika kuongeza tofali lake mwenyewe.

Kuna njia moja ya kulipima jibu kabla ya kulichagua, nayo haihitaji kipaji chochote. Chukua jibu unalolipenda, ligeuze liwe kinyume chake, kisha rudi kwenye kifungu utafute sentensi inayovunjika.

Tuanze na A. Kinyume chake ni kwamba Mzee Athumani hakutumia fedha za kisima; pikipiki aliinunua kwa fedha zake. Ni fundi cherehani, ana duka, huenda aliweka akiba, huenda mwanawe alimtumia, huenda alikopa. Rudi sasa kwenye kifungu. Ni sentensi ipi inayogeuka kuwa uongo au kukosa maana? Hakuna hata moja. Sentensi zote 12 zinabaki zimesimama. Kifungu kinakubaliana na wizi, na kinakubaliana vilevile na uadilifu. Jibu ambalo kinyume chake kinaishi kwa raha ndani ya kifungu halikutoka kwenye kifungu.

Darasani, mwanafunzi hatakubali kirahisi.

"Lakini mwalimu, si alinunua pikipiki mwaka uleule?"

"Alinunua. Kwa fedha gani?"

"Za kisima."

"Nionyeshe mstari."

Hapo kidole cha mwanafunzi hushuka kwenye karatasi, kikasimama kwenye sentensi ya pikipiki, kikapanda hadi sentensi ya karatasi isiyoonekana, kikashuka tena kwenye kisanduku. Anachokitafuta hakipo. Alichonacho ni mambo matatu yaliyopangwa kwa kufuatana, na kufuatana kwa mambo si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Mtunzi wa swali anaijua tabia hiyo. Ndiyo maana pikipiki iliwekwa pale, katikati ya ukuta uliokosa karatasi na kisanduku kisicho na kitu.

C ikigeuzwa, matokeo ni mengine. Tuseme kaya nyingi zilikuwa zimelipa mwezi ule. Kikao kimejaa, kila kaya imeleta mtu, swali limeulizwa mbele ya wote, na aliyelipa ana kila sababu ya kujionyesha kwa fahari. Mbona basi inyanyuke mikono 3 tu kati ya kaya 60? Sentensi hiyo inakosa mantiki. Ili kuiokoa, msomaji angelazimika kubuni mambo, kwa mfano kwamba waliolipa waliona haya, au hawakulisikia swali. Msomaji anapolazimika kubuni ili kukitetea kinyume, ajue jibu lenyewe limebebwa na kifungu.

Tazama pia jinsi C ilivyopimwa maneno yake. Haisemi kwamba watu walikuwa wameacha kulipa tangu mwaka wa pili, wala kwamba hawakuwahi kulipa. Inasema mwezi uliotangulia kikao, kwa sababu mama aliuliza kuhusu mwezi huo tu. Wala C haimsafishi Mzee Athumani. Inawezekana kabisa kaya nyingi hazikulipa na yeye pia akachota kidogo kilichokuwemo. Kifungu kimeliacha jambo hilo wazi, na msomaji mzuri analiacha wazi vilevile, hata kama moyoni ana shaka zake.

B na D ni mitego ya aina nyingine. B inaleta sababu ambayo ni ya kweli mahali pengi: watu hawalipi kwa kuwa hawana. Huenda msomaji anatoka kijiji ambako shilingi 500 ni fedha ya kufikiria mara mbili. Lakini huko ni kijijini kwake, si Mbuyuni ya kifungu. Igeuze: kaya zote zilikuwa na uwezo. Hakuna sentensi inayolalamika. D nayo inachukua kisima kimoja ikakigeuza kuwa sheria ya visima vyote. Maneno ya kujumlisha, yawe wazi kama "wote", "daima", "kamwe" na "pekee", au yawe yamejificha kama katika D, yanadai ushahidi mwingi kuliko ambao kifungu kifupi kinaweza kuutoa. Haimaanishi kwamba kila jibu lenye neno "wote" ni kosa. Kifungu chetu chenyewe kinasema kaya zote 60 zilikubaliana. Maana yake ni kwamba neno hilo lazima likutane na mwenzake ndani ya kifungu.

Yupo msomaji mwerevu anayelikataa A kwa hesabu. Kaya 60 kwa shilingi 500 ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Hata kama kila kaya ingelipa bila kukosa kwa miaka 3 mizima, jumla ni shilingi 1,080,000, na kwa fedha za Tanzania hiyo haitoshi pikipiki mpya. Kwa hiyo, anahitimisha, Mzee Athumani hakuiba. Hesabu yake ni sahihi, ila hitimisho lake lina kasoro ileile ya yule aliyechagua A. Kifungu hakikusema pikipiki ilikuwa mpya, hakikutaja bei yake, wala hakikusema ni shilingi ya nchi gani. Ametoka nje ya kifungu kwa mlango mwingine.

Kwa nini akili inakimbilia pikipiki? Wanasaikolojia walilichunguza jambo hili zamani. Mwaka 1932 Mwingereza Frederic Bartlett, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha kitabu ambamo alieleza jinsi alivyowapa wasomaji wake hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Walichokisimulia kilikuwa kimebadilika: yaliyokuwa mageni kwao yalipungua au kutoweka, na mengine yaligeuzwa yakafanana na mambo ya kwao. Hawakukusudia kudanganya. Waliikumbuka hadithi kwa kuijenga upya, na matofali mengine yalikuwa yao.

Jaribio lililo karibu zaidi na swali letu lilifanywa Marekani na Marcia Johnson, John Bransford na Susan Solomon, wakalichapisha mwaka 1973. Watu walisomewa habari fupi kuhusu kijana anayetengeneza kibanda cha ndege, akigongomea msumari. Nyundo haikutajwa popote. Baadaye walipoulizwa ni sentensi zipi walizozisikia, wengi walikubali sentensi yenye nyundo ndani yake kana kwamba walikuwa wameisikia. Kundi jingine lilisomewa habari hiyohiyo, isipokuwa kijana alikuwa anautafuta msumari badala ya kuugongomea. Kundi hilo halikuiona nyundo kwa kiasi hicho. Yaani nyundo iliingia kichwani yenyewe, bila ruhusa, mara tu msumari ulipoanza kugongwa. Na inapokwisha kuingia, mtu haikumbuki kama kitu alichokiongeza mwenyewe. Anaikumbuka kama kitu alichosomewa.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mtahiniwa wa Mbuyuni. Akifika kwenye swali bila kurudi kwenye kifungu, atajibu kutokana na alichokibeba kichwani, na kichwani wizi umekwisha kutendeka. Ushauri wa "rudi kwenye kifungu" ambao walimu huurudia kila siku una sababu hii. Hata mwenye kumbukumbu nzuri anaurudia mstari, maana kumbukumbu yake imechanganya maneno ya mwandishi na ya kwake na haiwezi tena kuyatenganisha.

Hapa baadhi ya walimu huwaambia wanafunzi wasitumie kabisa wanayoyajua, wajibu kwa maneno ya kifungu tu. Ushauri huo unazidi mpaka, na hautekelezeki. Kulifikia jibu C kwenyewe kumehitaji maarifa ya nje: kwamba kunyanyua mkono ni kukubali, kwamba aliyelipa hupenda ijulikane, kwamba 3 kati ya 60 ni wachache mno. Hakuna lolote kati ya hayo lililoandikwa. Pasipo maarifa hayo kifungu hakisomeki hata kidogo.

Bransford huyohuyo na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1972 jinsi kuhitimisha kwa namna hii kulivyo sehemu ya kusoma kwenyewe. Mtu akiambiwa kwamba kobe wametulia juu ya gogo linaloelea na samaki akapita chini ya gogo, anajua kwamba samaki amepita chini ya kobe pia, ingawa hakuambiwa. Hakuongeza tukio lolote. Kobe wako juu ya gogo, samaki yuko chini yake, na mpangilio huo hauna namna nyingine ya kuwa. Linganisha na nyundo. Kijana angeweza kugonga msumari kwa jiwe, na habari isingeharibika.

Mpaka basi uko hapo. Maarifa yanayomsaidia msomaji kuielewa sentensi iliyoandikwa yanaruhusiwa, tena ni ya lazima. Maarifa yanayoingiza tukio jipya, mtu mpya, sababu mpya au nia ambayo haikuonyeshwa hayaruhusiwi. Kujua maana ya mkono ulionyanyuliwa ni kwa aina ya kwanza. Kujua tabia za waweka hazina ni kwa aina ya pili. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Taffy Raphael, aliyeanza kuchapisha kazi zake kuhusu jambo hili mapema miaka ya 1980, aliyagawa maswali ya ufahamu kwa kuangalia jibu linatoka wapi. Yapo ambayo jibu liko palepale kwenye mstari, na yapo ambayo jibu linakusanywa kutoka sehemu mbalimbali za kifungu. Mengine jibu lake linatoka kwa mwandishi na msomaji wakishirikiana, na mengine linatoka kwa msomaji peke yake. Anayechagua A amelijibu swali la ushirikiano kana kwamba ni la msomaji peke yake.

Lipo swali jingine juu ya kifungu hikihiki, nalo linahusu kusudio la mwandishi. Lengo kuu la mwandishi ni:

A. Kulaani viongozi wanaoiba mali ya umma.
B. Kueleza hatua za kutunza pampu ya kisima.
C. Kusimulia maisha ya fundi cherehani wa Mbuyuni.
D. Kuonyesha umuhimu wa kuweka wazi hesabu za mradi wa pamoja.

Swali la lengo lina ugumu wake, kwa sababu msomaji anatakiwa aangalie alichokifanya mwandishi na maneno yake, badala ya kutazama tu yaliyotokea Mbuyuni. Mwandishi alikuwa na mambo mengi ya kuchagua. Alichagua nini, akarudi kwenye nini, akanyamazia nini, na akamalizia wapi?

Karatasi ya ukutani inabeba sentensi 5 kati ya 12: ilibandikwa kila mwezi, ikasomwa, ikapungua, ikatoweka, ikarudi. Pikipiki ina sentensi moja, tena haitajwi tena. Pampu inaonekana pale inapoharibika tu, na hatuambiwi ilitengenezwaje, kwa hiyo B haina pa kushika. C inaweza kumvutia msomaji kwa kuwa jina la Mzee Athumani linarudi mara tatu, lakini kuhusu maisha yake tunajua kidogo sana: kazi yake, wadhifa wake, duka lake na pikipiki yake. Habari ya maisha ya mtu haiandikwi hivyo. Na A? Mwandishi anayetaka kulaani wizi angehakikisha wizi unaonekana. Huyu hakuuonyesha kabisa. Badala yake alimwachia mama mmoja swali lililouelekeza mkutano mzima ujitazame wenyewe, kisha akamaliza kwa watu watatu wanaopokezana kuandika karatasi. Mwanzo wa kifungu una makubaliano, mwisho wake una karatasi. D ndiyo inayouchukua mzigo wote huo.

Katika maswali ya lengo, kitenzi cha kwanza cha kila jibu kinastahili kusomwa peke yake kabla ya maneno yanayokifuata. Kulaani, kushawishi, kukejeli, kueleza, kuonya, kuburudisha: kila kimoja kinadai sauti fulani. Ukilaani, unatumia maneno makali, nako Mbuyuni hakuna neno kali hata moja. Ukishawishi, kwa kawaida kuna mtu unayemwelekea na jambo unalotaka alitende. Jibu linaweza kuwa na mada sahihi kabisa likaharibiwa na kitenzi. Kama D ingesomeka "kuishinikiza serikali iweke wazi hesabu za miradi", maneno ya mwisho yangefanana na kifungu na mtahiniwa mwenye haraka angelichagua, ingawa serikali haijatajwa popote.

Kosa jingine kwenye maswali haya ni kuchanganya lengo na athari. Msomaji anaweza kumaliza kifungu akiwa na hasira kwa sababu kilimkumbusha mradi wa kwao uliokufa. Hasira hiyo ni ya kweli na ni yake. Lakini swali halikuuliza msomaji alihisi nini. Liliuliza mwandishi alikuwa anafanya nini, na ushahidi wa hilo ni mpangilio wa sentensi, si mapigo ya moyo ya anayesoma.

Kipo pia kishawishi ambacho ni cha mitihani yetu ya Kiswahili hasa, nacho ni swali la methali. Mtahiniwa anaombwa achague methali inayoafiki kifungu. Tuseme amepewa "kikulacho ki nguoni mwako", "umoja ni nguvu" na "usipoziba ufa utajenga ukuta". Ya kwanza ni pikipiki tena katika vazi jingine, maana imekuja na msaliti wake ndani, na kifungu hakijamthibitisha msaliti. Ya pili ni ya jumla mno. Ingeingia kwenye karibu kila habari ya kijiji, na hapa haigusi karatasi wala kisanduku. Ya tatu inalingana na mwendo wa kifungu: karatasi ilianza kukosekana kidogo, haikushughulikiwa, hadi siku ya pampu. Kila methali huja na hadithi yake. Kabla ya kuichagua, msomaji aihesabu hadithi hiyo ina wahusika wangapi na matukio gani, kisha aone kama wote wamo kwenye kifungu.

Kwenye mitihani ya kuandika majibu, tatizo hubadilika sura. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE huanza na ufahamu wenye alama 15, na hapo hakuna A wala B ya kumwongoza mtahiniwa. Swali linaweza kuwa: "Kwa nini kisanduku kilikutwa na fedha kidogo?" Mmoja ataandika kwamba viongozi wengi ni mafisadi na hula fedha za wananchi. Ametoka nje. Mwingine, aliyeonywa sana asitoke nje, atanakili: "Mikono mitatu ilinyanyuka." Huyu hajaingia ndani. Amelikabidhi swali kipande cha kifungu bila kusema kinamaanisha nini, na asiyetafsiri ushahidi wake hajajibu, sawa na yule asiyekuwa na ushahidi. Jibu lenye uzito wa kutosha lingekuwa hivi: "Yaelekea fedha zilikuwa kidogo kwa sababu kaya nyingi hazikuwa zinalipa, kwani mama alipouliza nani alilipa mwezi uliopita, ni mikono mitatu tu iliyonyanyuka." Sehemu ya kwanza ni hitimisho, sehemu ya pili ni ushahidi, na "yaelekea" inakubali kwamba kikao kiliuliza kuhusu mwezi mmoja tu.

Neno hilo dogo linatufikisha kwenye jambo ambalo jaribio la kugeuza jibu haliwezi kulimaliza. Je, watu waliacha kulipa kwa sababu hawakuiona karatasi? Ukiligeuza, kifungu hakivunjiki, kwani wangeweza kuacha kwa sababu nyingine yoyote. Kwa kipimo chetu jibu hilo lingeanguka. Lakini mwandishi ameweka karatasi upande mmoja na malipo upande mwingine, vyote vikishuka, kisha dawa aliyoimalizia nayo ni karatasi ileile. Ni wazi anataka tuone uhusiano. Kwa hiyo kila kitu kinategemea namna swali lilivyoulizwa. Likiwa "kifungu kinathibitisha kuwa", jibu hilo ni kosa. Likiwa "mwandishi anadokeza kuwa", ni sahihi, kwa sababu kudokeza ni kitendo cha mwandishi, na kitendo hicho kina alama zake kwenye mpangilio wa sentensi. Watahiniwa wengi huyasoma majibu manne kwa makini na kulipita swali lenyewe mbio. Kwenye maswali ya aina hii, maneno mawili au matatu ya mwanzo ndiyo yanayoamua ushahidi wa kiasi gani unatosha.

Watunzi wa maswali nao hukosea. Kama kwenye swali letu la kwanza kungekuwa na jibu lisemalo "wanakijiji walipoteza imani kwa mweka hazina", watahiniwa wawili makini wangeweza kubishana kutwa nzima, kila mmoja akiwa na mstari wake. Hilo likitokea, mtahiniwa hana la kufanya isipokuwa kuuliza ni jibu lipi linalohitaji kubuniwa kwa machache zaidi, akalichagua hilo. Kwa mtunzi, jaribio la kugeuza lina faida hiyohiyo: aligeuze kila jibu lake kabla ya kulipeleka darasani, na kama majibu mawili yote yanavunja sentensi za kifungu yakigeuzwa, swali lirudi mezani.

Yanabaki maswali yanayoanza na "kwa maoni yako" au "ungekuwa wewe". Hapo msomaji amealikwa atoke, na anayekataa kutoka atapoteza alama. Akiulizwa, "Ungekuwa mwanakijiji wa Mbuyuni, ungependekeza nini ili kisanduku kisikauke tena?" anaweza kupendekeza risiti kwa kila malipo, au kikao kila baada ya miezi mitatu, au fedha ziwekwe kwenye akaunti ya simu yenye watia saini wawili. Hakuna hata kimoja kilichomo kwenye kifungu, na vyote vinakubalika, mradi kila kimoja kishughulikie jambo lililoharibika Mbuyuni: hesabu kutoonekana na michango kukoma. Anayependekeza Mzee Athumani ashtakiwe na pikipiki yake itaifishwe bado anajibu swali la kijiji kingine.